Bakapu za duka zimejaza kompyuta, naomba ushauri

Habarini wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani hapa Tanga, programu ya mahesabu kila jioni tukifunga inatupa bakapu mpya ya MB 400 hivi, kwa mwezi ni kama GB 10 na diski yenyewe GB 128, bado maripoti ya Eksel ambayo kijana wa kaunta anayatoa hovyo. Juzi bakapu ikakatikia njiani, faili limetoka na MB 60 tu.

Nimefikiria nibakize za siku 7 za mwisho na ya kila mwisho wa mwezi, hizo nikopi kwenye eksteno ikae nyumbani. Moja nimeirudisha kwenye laptopu ya shemeji, imefunguka.

Sasa, TRA wanataka kumbukumbu miaka 5, je bakapu za mwisho wa mwezi zinatosha? Na ripoti nifute zote au za kufunga mwezi nizibakize PDF, maana programu ikigoma kufunguka huko mbele sijui nitasoma nini?