Mrejesho: insha iliyorudi na "unasimulia, hujibu swali"

Niliuliza hivi: "Wakuu, insha yangu ya sababu za upinzani wa pwani 1888–1889 imepata 9 kati ya 20. Mwalimu kaandika pembeni 'unasimulia, hujibu swali'. Insha ijayo nifanyeje?"

Asanteni sana, nawajibu kutoka Tanga. Nilifuata ushauri wa yule aliyesema nisome sentensi ya kwanza tu ya kila aya. Aibu! Aya nne kati ya sita zilianza na tarehe. Moja ilisema: "Agosti 1888 Wajerumani walipandisha bendera Pangani." Hiyo ni habari, si sababu. Nikaiandika upya: "Watu wa pwani waliasi kwa kuwa kampuni ya Kijerumani iliwapokonya viongozi wao madaraka na ushuru wa forodha." Bendera ya Pangani ikashuka sentensi ya pili, kama ushahidi.

Insha iliyofuata iliuliza kwa nini Maji Maji ilishindwa. Kabla ya kuandika nilipanga sentensi tano za kufungulia aya, kila moja ikianza na "Walishindwa kwa sababu". Nimepata 13, na neno "unasimulia" halipo.

Ila ushauri wa kupima sababu ipi ina uzito zaidi umenishinda. Mpango ulinila dakika kumi na tano, hitimisho likawa mistari miwili, na mwalimu kaandika: "Bunduki au njaa, ipi iliwamaliza?" Safari ijayo jibu la hilo naliandika kwenye mpango kwanza, kabla ya aya zote.