MREJESHO: Nauli za boda kwa keki ninazouza nyumbani

Niliuliza: "Naoka keki nyumbani Tabata. Hela ya keki na ya boda zinaingia pamoja, jioni sijui ipi ni ipi. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Nimefuata ushauri wa kutenganisha. Mteja akiagiza, namwomba alama ya karibu, nampigia boda anitajie nauli, kisha namwandikia mteja mafungu mawili: keki 35,000, boda 5,000. Vyote vinalipwa kabla mzigo haujatoka. Nauli naiweka kwenye laini nyingine ya simu, na boda namtumia mteja akishathibitisha kupokea.

Daftari ndilo limenisaidia zaidi. Mstari mmoja unasomeka hivi: "Sinza, kilo 2, imetoka saa 5:10, imepokelewa 5:50, boda kalipwa." Sehemu ya mwisho ikiwa tupu, najua bado nadaiwa.

Kwenye boksi, nimeweka kipande cha mpira wa kuzuia utelezi chini ya kibao cha keki. Keki ya ghorofa moja inafika salama. Ya ghorofa mbili bado inainama kwenye matuta, kwa hiyo hiyo inakwenda kwa bajaji na mteja anaambiwa tofauti ya nauli mapema.

Kigamboni bado sijapatia. Foleni ya pantoni ikiwa ndefu juani, krimu inalegea hata boksi likiwa zima. Kwa sasa wateja wa huko nawapelekea asubuhi tu, na keki zisizo na krimu.