Naomba ushauri: kifua sentimita 112, kiuno 84

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kampala, nacheza raga. Kifua changu ni sentimita 112, kiuno 84. Shati likinitosha mabegani na kifuani, kiunoni linapepea kama tanga. Nikishuka saizi, vifungo vinavutana na siwezi kunyoosha mikono mbele.

Mashati ya mtumba kutoka Owino fundi aliyapunguza ubavuni, akaongeza mishono miwili ya kubana mgongoni, yakakaa vizuri. Koti ndilo limenishinda. Alipobana sentimita 8, mifuko ilisogea nyuma na mpasuo wa nyuma ukaachama. Mabega hakuyagusa, nashukuru.

Je, koti la dukani hupunguzwa kiunoni kiasi gani kabla halijaharibika? Au kwa tofauti hii ya sentimita 28 nishonewe jipya tu?