Asmini ya sh. 8,000: mafuta muhimu, absoluti au manukato ya kiwandani?

MamaSabuni_Tanga: Wenzangu, napika sabuni ya nazi. Nimenunua asmini mililita 10 kwa sh. 8,000, imeandikwa "mafuta muhimu safi". Muuza mwingine ananiambia asmini ya kweli ni absoluti, na bei yake ni mara nyingi zaidi. Tofauti ni nini hasa?

Makonyo_Pemba: Dada, mimi nimekaa miaka kwenye mtambo wa makonyo ya karafuu. Mafuta muhimu hutolewa kwa mvuke: unapita kwenye makonyo, unabeba mafuta, ukipozwa unarudi kuwa maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi huzama na tunayafungulia chini. Mengi mengine huelea. Maji yanayobaki, yenye weupe wa ukungu, ndiyo hidrosoli. Yana harufu lakini mafuta yake ni chembe tu, na yakikaa kwenye joto huota utando.

Asmini haivumilii mvuke. Maua huloweshwa kwenye heksani, kimiminika cha kuyeyushia harufu; heksani ikivukizwa inabaki nta yenye harufu. Nta huoshwa kwa spiriti, hupozwa sana, huchujwa, kisha spiriti huondolewa. Kinachobaki ni absoluti. Tani nzima ya maua hutoa kilo moja na ushee. Kwa hesabu hiyo, sh. 8,000 hainunui mililita 10.

Fundi_Mkali: Dondosha kwenye karatasi. Ikibaki doa, ni feki.

Makonyo_Pemba: Hapo unakamata aliyechanganya mafuta ya kupikia. Lakini absoluti halisi nayo huacha doa, na manukato ya kiwandani mengi hukauka bila alama.

BiMwana: Mimi asmini naitia kwenye mafuta ya nazi, kila asubuhi natoa maua yaliyonyauka natia mapya, siku saba. Kwa nywele hakuna mfano! Hayo ni absoluti?

Makonyo_Pemba: Hapana, shangazi, hayamo kabisa kwenye haya tunayolinganisha. Harufu imehamia kwenye nazi, na nazi imebaki humo.

MamaSabuni_Tanga: Kwa hiyo nimeibiwa?

Makonyo_Pemba: Yaliyomo siwezi kuyajua bila kipimo cha maabara. Nadhani ni manukato ya kiwandani, yaani viungo vya harufu vilivyochanganywa kwa fomula, vingi vya kutengenezwa. Kwenye sabuni si vibaya, kosa ni lebo. Jaribu kidogo kwanza, mengine hugandisha uji wa sabuni ukiwa bado unakoroga. Hata absoluti ya asmini huweza kuigeuza rangi ikawa kahawia.

Fundi_Mkali: Aweke hidrosoli basi, badala ya maji ya kuyeyushia magadi.

Makonyo_Pemba: Magadi yataila harufu yote. Kama anataka mafuta ya ua yanayotolewa kwa mvuke, atafute langilangi ya Komoro. Huchemshwa saa nyingi na mafuta hukingwa kwa mafungu. La kwanza huenda kwa watengeneza manukato, la tatu ni rahisi zaidi na ndilo la sabuni.

MamaSabuni_Tanga: Fungu la tatu linapatikana Tanga?