"Teja wetu karudi": mwanangu ana sikoseli, na utani wa manesi nusura umuue

MamaPongwe:
Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Mwanangu ana miaka 19, ana sikoseli tangu utotoni. Jumanne usiku mifupa ya miguu na mgongo ikamkaba, nikampakia bajaji kutoka Pongwe hadi hospitali moja hapa Tanga mjini. Siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Tunaingia tu, nesi anamgeukia mwenzake: "Teja wetu karudi kufuata sindano." Wakacheka. Nikanyamaza, nikajiambia ni uchovu wa usiku. Wakamchoma diklofenaki, haikumsaidia kitu, akajilaza kimya akichezea simu. Mtoto aliyeumwa hivi tangu hajajua kusema vizuri hapigi tena kelele. Anatafuta pa kuipeleka akili. Wao wakaona wamempata: "Anayeumwa hachati."

Asubuhi wanakabidhiana zamu hapohapo kitandani, nasikia kwa masikio yangu: "Kitanda cha nne teja, anaigiza, msimwendekeze." Basi! Hawakutaja ugonjwa wala saa aliyopewa dawa ya mwisho. Zamu mpya ikampita.

Alhamisi akaanza kuhema mbiombio, anasema kifua kinambana. Wakasema kaongeza mbwembwe. Homa ikapanda. Daktari mmoja kijana, bado yuko kwenye mafunzo, ndiye aliyemwekea kile kipimo cha kidoleni: oksijeni 86. Hapo ndipo mbio zilipoanza, mtungi wa oksijeni, picha ya kifua, antibayotiki, damu. Akaniambia sikoseli imeingia mapafuni, na kwamba mara nyingi hali hiyo hutokea siku ya pili au ya tatu tangu mgonjwa alazwe kwa maumivu. Yaani siku zilezile walizokuwa wanamkwepa!

Kijana_Raskazone:
Pole sana mama. Ila tusiwalaumu moja kwa moja, zile sindano kali za maumivu kama mofini zinalevya kweli. Namjua mgonjwa wa sikoseli, mwanzoni dozi ndogo ilimtosha, siku hizi anataka kubwa. Huo si uteja?

SistaZamuYaUsiku:
Mwanangu, hapo umepatia nusu. Mwili ukizoea dawa, dozi ya jana haitoshi leo. Uteja ni kuisaka dawa hata pasipo maumivu. Wapo wachache wanaofika huko, sikatai, lakini hata huyo mifupa yake huuma kweli.

Nimekaa wodini miaka 22, na mimi nimetania. Wodi yetu mtu akifa tulisema "kapewa ruhusa ya juu". Usiku mna manesi wawili, wagonjwa zaidi ya 40, umetoka kumfunika mtoto wa watu na dakika hiyohiyo dripu ya jirani yake imeisha. Ukilia hapo, dripu ataibadilisha nani? Unasema neno la ajabu, mwenzako anacheka, mnainuka. Tena linasaidia ndugu wasipate habari ya msiba kwa kuisikia koridoni. Tulikuwa tunakicheka kifo, na sisi wenyewe.

"Teja" ni kitu kingine. Maumivu ya sikoseli hayana kipimo cha damu. Mapigo na presha vinaweza kuwa sawa kabisa na mtu anateketea. Kipimo ni mdomo wake tu, na ukishamwita teja umeufunga. Halafu ukalitia kwenye ripoti ya zamu! Utani wa chumba cha chai unaishia kwenye kikombe. Wa kwenye ripoti, anayekuja baada yako anaufanyia kazi kama maelekezo.

Mzee_Ngamiani:
Bima walikukatalia hiyo sindano? Mimi mwaka jana dawa zote nilinunua nje.

MamaPongwe:
Mzee wangu shikamoo. Sizungumzii bima.

BintiBarabaraYa12:
Baba alipata kiharusi, ulimi ukafa. Wakawa wanamwita "gogo" wakimgeuza. Hakuweza kujibu, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, wakasema ni macho tu yanavuja. Alipoanza kupata maneno, la tatu au la nne lilikuwa hilo: gogo.

SistaZamuYaUsiku:
Mungu atusamehe. Mama, andika barua kwa mganga mfawidhi, taja tarehe, zamu na maneno yenyewe. Ukipuuzwa kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na wakikabidhiana zamu, uliza kwa sauti: kapewa dawa gani ya maumivu, saa ngapi, na oksijeni yake sasa hivi ni ngapi?

Kijana_Raskazone:
Sista, sasa wakikatazwa utani wote si wataacha kazi?

SistaZamuYaUsiku:
Nisingedumu miaka 22 bila utani. Nisikudanganye, usiku mwingine mstari wa utani sikuuona mpaka nishauvuka.

MamaPongwe:
Barua nimepeleka leo. Oksijeni imefika 95. Yule nesi kapita jioni, kabadilisha dripu, kamwita mwanangu kwa jina lake. Mimi hakunitazama, na mwanangu hakumwitikia.