Tupeane uzoefu: uliwahi kuwasilisha utafiti mdogo wa darasani kwa dakika 15? Ilikuwaje?

Mwl wa Chamwino: Naanza mimi. Mwaka jana hapa Dodoma mjini nilipewa dakika 15, 10 za kuongea 5 za maswali, na mimi mtu mzima nikaenda na slaidi 23. Utafiti wenyewe mdogo tu, hesabu kidato cha pili, mkondo A wakafundishana wawili wawili wiki 6, mkondo B nikawafundisha kama kawaida. Nikaanza na nadharia, nikaja mapitio ya tafiti, kushtuka mwenyekiti ananyanyua karatasi imeandikwa "dakika 2" na jedwali la matokeo hata halijafika ukutani. Nikawa naruka slaidi kama nafukuzwa na nyuki. Afu mzee mmoja wa nyuma akauliza, hao dhaifu wako waliotoka wastani 18 mpaka 31 uliwapataje? Nikajibu kwa jaribio la awali. Akasema basi wangepanda hata ungewaacha. Nikaduwaa.

Zabibu Tamu: Pole. Ila si p yako, ile nafasi ya kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu, ilikuwa chini ya 0.05? Hapo imeisha, kufundishana kumefanya kazi.

Babu Takwimu: Haijaisha mdogo wangu. p haikwambii alama zimepandishwa na nini. Ukichagua waliopata chini kabisa siku moja, humo mna dhaifu kweli na mna waliokuwa na homa au waliokosea tu siku ile, hao wa pili jaribio lijalo wanapanda wenyewe. Mwalimu, dhaifu wa mkondo B walikuwaje?

Mwl wa Chamwino: Nilirudi kuangalia baada ya aibu. Nikatumia kipimo kilekile, chini ya 25. Wa A walikuwa 14, wastani wao umepanda alama 13. Wa B walikuwa 12, wastani ulitoka 20 hadi 29, nao alama 9 bila kufundishana chochote!

Babu Takwimu: Basi cha kwako ni alama 4 siyo 13. Na hiyo ndo slaidi yako ya tatu, swali, ulifanyaje, halafu jedwali hilo la mistari miwili, lifike kabla ya dakika ya 4. Nadharia sentensi moja inatosha.

Mama Watatu: Mimi wangu namlipia tuisheni kila wiki na hapandi, huko kufundishana ni bei gani?

Mwl wa Chamwino: Hahaa dada, ni bure, wanafundishana wenyewe darasani.

Mama Watatu: Sasa anayefundisha si anapoteza muda wake?

Mtu wa Kondoa: Hapana. Uchambuzi wa Cohen na Kulik wawili wa 1982, tafiti 65, ulionyesha hata wanaofundisha hupanda. Kwangu nilisahau kuwapima hao, nikaulizwa jukwaani nikabaki nakunywa maji.

Zabibu Tamu: Kwa hiyo 4 inatosha kusema inafanya kazi?

Babu Takwimu: Mkondo mmoja kwa mmoja? Labda A walikuwa na kipindi asubuhi na B saa nane juani. Sema umeona 4, na sema vipindi vilikuwa saa ngapi.

Mwl wa Chamwino: B walikuwa baada ya chakula cha mchana 😅