Spageti za khitma ya Nuru: kilo ngapi, maji kiasi gani?

Jumatano usiku, kikundi cha Jamaa wa Mtaani na Malindi

Mama Nuru: Asalaam aleikum jamaa. Jumamosi ni khitma ya Nuru, nimeshawaambia wote. Biriani nimeiacha, nyama imepanda bei, tutapika spageti na kima. Watu 60. Nimenunua pakiti 11, maana shangazi yake Nuru ameniambia kilo moja ni watu kumi. Zitatosha?

Shangazi Khadija: Waleikum salaam. Ndiyo, kilo watu kumi. Pakiti mbili ndiyo kilo. Pakiti 11 ni kilo tano na nusu, imepungua nusu kilo tu, watatosheka hao.

Nyanya (simu ya Rukia): Tambi hazitaki maji mengi mwanangu. Kaanga kwanza mpaka ziwe rangi ya dhahabu, tui la nazi, sukari, iliki. Na chumvi chembe tu.

Rukia: Nyanya anazungumzia tambi za Idi 😂 Nimemwambia ni spageti, anasema yote ni tambi.

Mjomba Kombo: Shikamoo mama. Mama Nuru, pakiti ulizonunua zimeandikwa gramu ngapi? Tazama pembeni, usikisie.

Mama Nuru: Ngoja nivae miwani. 400.

Mjomba Kombo: Basi hapo ndipo pana shimo. Khadija hesabu yake ya kilo kwa watu kumi ni sawa kabisa, gramu mia kavu kwa mtu mzima kama hiyo ndiyo sahani yenyewe. Lakini pakiti mbili zako si kilo, ni gramu 800. Pakiti 11 ni kilo 4 na gramu 400. Hao 60 ni watu wazima wote?

Mama Nuru: Wakubwa 40, watoto 20 wa chuoni wenzake Nuru. Miaka saba, minane.

Mjomba Kombo: Mkubwa gramu 100, hiyo ni kilo nne. Mtoto wa umri huo gramu 60 zinamtosha, kilo moja na gramu 200. Jumla kilo 5 na gramu 200. Ongeza pakiti mbili ziwe 13, inaingia sawasawa. Spageti kavu zikiiva uzito unazidi mara mbili na kidogo, kwa hiyo mtakuwa na karibu kilo 11 na nusu za kupakua. Mabeseni mnayo?

Binamu Ali (Doha): Mjomba, gramu mia ni nyingi. Hapa tunapika gramu 80 kwa mtu na chakula kinabaki. Kuna sambusa pia, sivyo?

Mama Nuru: Sambusa ziko, na kachumbari.

Mjomba Kombo: Ali, huko mnapika ninyi vijana sita mmerudi kazini na mikate iko mezani. Hawa wamekaa tangu asubuhi kwenye dua. Kwa Wataliano wa Malindi nimewapimia 80 miaka mingi, lakini wao baada ya spageti wanaletewa samaki. Mimi nabaki na mia.

Binamu Ali: Haya. Tutaona Jumamosi.

Mama Nuru: Maji je? Nimesoma nyuma ya pakiti, lita moja kwa kila gramu 100. Hiyo kwangu ni lita 52! Nitapata wapi pipa?

Shangazi Khadija: Na chumvi gramu kumi kwa lita. Kwa hiyo nusu kilo na kidogo. Gramu 520. Tia tu, spageti zinataka chumvi kama bahari, kila mtu anasema hivyo.

Mjomba Kombo: Subirini, msitie kitu! Mama Nuru, sufuria yako kubwa inabeba lita ngapi?

Mama Nuru: Ile ya harusi ya Swaleh, lita 20. Na jiko lile kubwa la gesi la jirani.

Mjomba Kombo: Sawa. Sufuria ya lita 20 utatia maji lita 14 tu, kwa sababu spageti nazo zinakula nafasi na povu linapanda. Sasa fikiria Khadija amepima chumvi yake gramu 520 kwa lita 52, halafu akaimimina yote kwenye hizo lita 14. Hiyo ni gramu 37 kila lita. Bahari yetu hapo nje ina kama 35. Mmeshawahi kumeza maji pale mkiogelea?

Rukia: 🤢

Mjomba Kombo: Ndiyo hiyo. Huo msemo wa "kama bahari" wanaousema hawajaonja bahari. Chumvi inafuata maji yaliyo ndani ya sufuria, haifuati idadi ya watu wala uzito wa spageti. Lita 14, gramu 140. Basi. Chumvi laini ya mezani, kijiko cha chakula kilichosawazishwa ni karibu gramu 18, kwa hiyo vijiko vinane. Ukitumia chumvi ya mawe kijiko kinabeba pungufu ya hapo, bora uende dukani upimiwe.

Shangazi Khadija: Kwa hiyo mimi nilikuwa sawa kwa lita, nimekosea sufuria.

Mjomba Kombo: Umekosea sufuria 😄

Shangazi Khadija: Lakini mimi nina presha Kombo. Gramu 140 kwenye sufuria moja inanitisha.

Mjomba Kombo: Nyingi unaimwaga na maji. Spageti zinakunywa maji kama uzito wao na robo hivi, na chumvi inayoingia ni ile iliyo ndani ya maji hayo tu. Ukigawa, kila mtu anapata kama gramu moja. Angalia zaidi kima, hasa kama mama ametia vile vipande vya supu. Na wewe ukitaka, chemsha zako pembeni bila chumvi.

Nyanya (simu ya Rukia): Ndiyo maana zangu za tui zinataka chembe. Hazimwagwi maji.

Mjomba Kombo: Mama umesema neno! Nyanya yuko sahihi kuliko sisi sote. Kitu kinachokaushwa maji yake chumvi yote inabaki mdomoni. Tambi za tui ukizipa gramu kumi kwa lita haziliki. Hizi tunamwaga.

Mama Nuru: Lakini kaka, lita 14 kwa kilo 5 na gramu 200? Si zitakuwa uji?

Mjomba Kombo: Hupiki zote pamoja. Mara tatu. Awamu ya kwanza pakiti tano, maji yakiwa masafi, halafu nne, halafu nne. Awamu ya kwanza ni kilo mbili kwa lita 14, yaani lita saba kila kilo. Lita kumi za pakiti ni raha tu, saba zinatosha ukikoroga.

Binamu Ali: Mimi napika makaroni kwa lita tano kila kilo na zinatoka vizuri.

Mjomba Kombo: Makaroni mafupi, ndiyo. Yanazunguka yenyewe. Spageti zimelala pamoja kama ufagio, maji yakiwa machache zinashikana zile dakika mbili za mwanzo na ukishachelewa kuzitenganisha hazitengani tena. Huo ndio mpaka wa kupunguza maji. Chumvi haibadiliki, gramu kumi kwa lita hata ukitumia maji kidogo.

Mama Nuru: Na maji yale yale kwa awamu zote?

Mjomba Kombo: Yale yale, ila usizimwage kwenye chujio. Sufuria ya lita 14 za moto hainyanyuliwi na mtu, mtaungua. Zitoe kwa koleo na upawa wa matundu. Baada ya awamu ya kwanza maji yatakuwa yamepungua kama lita tatu, mengine yameingia kwenye spageti, mengine mvuke. Kuwa na birika la maji yanayochemka, rudisha mpaka alama ile ile, tia kijiko kimoja na nusu cha chumvi, kisha onja. Mvuke hauondoki na chumvi, kwa hiyo usirudishe kipimo kamili.

Mama Nuru: Dakika ngapi?

Mjomba Kombo: Pakiti inasema ngapi?

Mama Nuru: Tisa.

Mjomba Kombo: Toa mbili kabla. Ila usihesabu tangu unapozitia, maana kilo mbili zinapooza maji na itachukua muda yachemke tena. Uma moja, kata kwa jino, katikati kuwe na nukta nyeupe ndogo. Hapo toa, mwaga kwenye sinia pana, mafuta kijiko, tandaza. Usizirundike kwenye beseni! Rundo la kilo nne linaendelea kujipika kwa moto wake, katikati utakuta bonge. Wakati wa kupakua, zichovye kwenye maji ya moto nusu dakika tu.

Shangazi Khadija: Mafuta mimi natia ndani ya maji.

Mjomba Kombo: Yanaelea juu, Khadija. Spageti ziko chini.

Shangazi Khadija: Yanazuia povu.

Mjomba Kombo: ...Kidogo. Haya.

Jumamosi, saa 5 asubuhi

Rukia: Awamu ya tatu povu limepanda limezima jiko 😭

Mjomba Kombo: Wanga umejaa. Punguza moto, weka mwiko juu ya sufuria umelala, na utoe maji jagi mbili uweke mapya ya moto, kijiko cha chumvi. Hayo uliyoyatoa usimwage, mama Nuru ayatie kwenye kima ikiwa nzito. Lakini kima isitiwe chumvi tena mpaka aonje, hayo maji yana chumvi yake.

Rukia: Mama ameshatia chumvi.

Mjomba Kombo: Basi atumie maji ya bomba.

Saa 9 alasiri

Mama Nuru: Alhamdulillah. Zimetoka nzuri, hazikushikana, isipokuwa sinia moja alilolirundika Swaleh. Zimebaki kama kilo mbili zilizoiva.

Binamu Ali: Gramu 80. Nilisema!

Mjomba Kombo: Kilo mbili zilizoiva ni kama gramu 900 kavu. Kwa 80 zako ingekuwa kilo ngapi, watoto wakilishwa hizo 80 au 60, hebu piga hesabu vizuri. Halafu niambie, Mama Nuru, wote 60 walikuja?

Mama Nuru: Watoto wanne hawakuja. Wengine wamekula sambusa tu.

Binamu Ali: Nikipiga 80 kwa wakubwa na 60 kwa watoto napata kilo 4 na gramu 400. Zile pakiti 11 za kwanza za Shangazi zingetosha.

Shangazi Khadija: 👀

Mjomba Kombo: Zingetosha kwa waliokuja. Tungejuaje Jumatano?

Nyanya (simu ya Rukia): Hizo zilizobaki nileteeni. Nitazikaanga na tui.